Nisaidieni kupitia imeli ya kumwomba mhadhiri nisiprezenti mbele ya darasa zima. Nina wasiwasi mkali na barua ya hospitali ninayo

NyotaYaBahi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, nasoma shahada ya Kiswahili. Kozi ya fasihi simulizi ilitutuma uwandani. Mimi nilikwenda vijiji vya upande wa Mvumi, nikarekodi vitendawili vya Kigogo na nyimbo ambazo akina bibi waliimba wakitwanga uwele. Ripoti nimeshaikabidhi. Sasa kila mtu anatakiwa kuprezenti data zake kwa dakika kumi mbele ya darasa, tuko 64, kisha yaje maswali. Hiyo prezentesheni ina alama 15 kati ya zile 40 za muhula.

Sina tatizo na kazi, tatizo ni kusimama. Mwaka wa kwanza nilisimama kwenye kozi nyingine, sauti ikakata, mikono ikafa ganzi, nikashindwa kuvuta pumzi, nikatoka nje. Nikawekewa sifuri na sapu ikanihusu. Tangu hapo nahudhuria kliniki ya afya ya akili na daktari amenipa barua. Imeli niliyoandika ni hii, bado sijaituma:

> Shikamoo Dokta. Samahani sana kwa usumbufu. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Tangu nilipochapwa mbele ya mstari nikiwa darasa la tano nimekuwa na tatizo la hofu, na nyumbani hakuna aliyenielewa. Nikisimama mbele za watu naona kama nakufa. Natumia dawa na sasa angalau nalala. Naomba kwa huruma yako unisamehe nisiprezenti, au unipe insha badala yake, au chochote utakachoona kinafaa. Nimeambatanisha picha ya barua ya daktari na picha ya dawa zangu. Mungu akubariki sana.

Nirekebishe wapi? Prezentesheni zinaanza wiki tatu zijazo.

---

Mzee wa Nanenane

Binti, pole. Ila hofu ya jukwaa kila mtu anayo. Sisi tulikuwa tunasimama mbele ya shule nzima, magoti yanagongana, na tulimaliza. Tazama ukuta wa nyuma, usitazame watu. Halafu kuna kitu sijakielewa: uliweza kukaa na wazee usiowajua huko Mvumi ukawahoji siku nzima, leo wenzako wa darasani ndio wanakutisha? Mhadhiri naye atakuuliza hivyohivyo.

---

Mwana wa Kondoa

Dada usihangaike na imeli. Nenda ofisi ya usajili uchukue fomu ya kuahirisha mwaka kwa sababu za ugonjwa, ambatisha barua ya daktari, pitisha kwa mkuu wa idara. Ila kabla ya kusaini ongea na watu wa bodi ya mikopo, maana bumu likisimama kulirudisha ni shughuli.

---

NyotaYaBahi

Mwana wa Kondoa, asante, lakini sitaki kuahirisha mwaka. Masomo mengine yote naenda vizuri. Ni hii prezentesheni moja tu.

Mzee wa Nanenane, shikamoo. Nimejiuliza hilo sana na sijui nikujibuje.

---

Muuguzi_Kilimani

Nimjibie mimi. Nafanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili, swali la Mzee tunaulizwa kila siku.

Huko Mvumi binti ndiye alikuwa anatazama. Kinasa sauti kiko mkononi mwake, anayepimwa ni bibi anayeimba. Akikosea swali anauliza tena, hakuna anayemwandikia alama. Darasani mambo yanageuka, macho 64 yako kwake na mmoja ana kalamu. Hofu ya aina hii inaamshwa na kutazamwa na kuhukumiwa, ndiyo maana unaweza kumkuta mtu anapiga soga sokoni Majengo vizuri kabisa, lakini hawezi kusoma tangazo kanisani. Kwa hiyo ukiona anaweza hapa na hawezi pale, usidhani anadanganya, ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo.

Hapo hapo Mzee ana nusu ya ukweli. Tiba inayosaidia zaidi ni ile ya mazungumzo, ambamo mgonjwa anazoeshwa kukabili kile anachokiogopa. Lakini anapandishwa ngazi kwa ngazi: leo mtu mmoja, akishazoea watatu, baadaye kumi. Ukimtupa mbele ya 64 akakimbia, kichwa chake kinajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na safari ijayo hofu inaanza mapema zaidi. Vilevile akisamehewa kabisa asizungumze popote, hofu inanenepa. Ndiyo maana hilo neno "unisamehe" kwenye imeli yako silipendi hata kitabibu.

Sasa niambie, barua ya daktari inasemaje? Usitaje jina wala hospitali, maneno tu.

---

NyotaYaBahi

Inasema: "Mtajwa hapo juu ni mgonjwa wetu, anahudhuria kliniki na anaendelea na matibabu. Tafadhali asaidiwe." Ina muhuri na sahihi.

---

Kichwa Ngumu

Hiyo barua ni nyepesi. Ingia mtandaoni ujaze GAD-7, maswali saba tu. Ukipata 15 kwenda juu ni wasiwasi mkali. Piga picha ya skrini, ambatisha. Hakuna atakayebisha namba.

---

Muuguzi_Kilimani

Kiwango cha 15 umekitaja sawasawa, na kliniki tunakitumia kipimo hicho. Lakini kinauliza ulivyojisikia wiki mbili zilizopita kuhusu wasiwasi wa jumla, hakimuulizi mtu juu ya kusimama mbele ya kundi. Ni cha kuchuja, kisha mtaalamu anaendelea na maswali yake. Na picha ya skrini ya kitu ulichojaza mwenyewe chumbani haina uzito wowote kwa mhadhiri. Yeyote anaweza kubofya majibu ya mwisho yote saba akapata 21.

Barua ndiyo ya kurudia. Rudi kliniki na ombi mahususi, maana daktari akiambiwa tu "nataka barua ya chuo" anaandika hiyohiyo ya siku zote. Mwambie unahitaji mambo manne. Kwanza, unahudhuria tangu mwezi gani. Pili, hali yako inazuia kitu gani hasa: ukitazamwa na kundi kubwa unapata shambulio la hofu, pumzi inabana, sauti inakata, huwezi kuendelea. Tatu, unaweza nini, kwa mfano kueleza kazi yako mbele ya mtu mmoja hadi watatu. Nne, mapendekezo hayo ni ya muda gani, muhula huu au mwaka huu wa masomo. Tarehe, jina, cheo, sahihi, muhuri. Jina la ugonjwa si lazima liwemo, na dawa zisitajwe kabisa. Picha ya dawa iondoe leo hii.

Hilo la tatu wengi wanalisahau. Barua inayosema mtu hawezi haimwambii mwalimu afanye nini naye.

---

Fundi wa Karatasi

Dada nicheki inboksi, barua ya hospitali yenye kila kitu, muhuri mbichi, elfu ishirini tu. Unaletewa mpaka hosteli.

---

LekchaMsaidizi

Mods, huyu aondolewe. Na wewe Nyota usimguse. Mimi nafundisha, si chuo chako. Kila muhula napokea barua za namna hiyo, nyingi kuliko za kweli, na hao "mafundi" ndio wamefanya wahadhiri wawe wagumu. Barua yenye shaka inarudishwa hospitali kuulizwa. Ikigundulika ni ya kughushi, hutakuwa unazungumzia alama 15 tena, utakuwa mbele ya kamati ya nidhamu, na hapo kudisko ni jambo la kawaida.

Niseme na jingine ambalo huenda halitapendwa. Hii ni fasihi simulizi. Utendaji ni roho ya somo lenyewe, kitendawili bila mtegaji na mteguaji ni maandishi tu. Mwanafunzi akiniambia hataki kuzungumza mbele ya hadhira, kwenye kozi hii hasa, nitasita. Kwenye kozi ya sarufi nisingesita.

---

MratibuMstaafu

Lekcha amegusa penyewe, ila hitimisho lake silikubali. Niliratibu mitihani ya idara kwa muda mrefu, maombi kama haya yalipita mezani kwangu. Yaliyokwama, mengi hayakukwama kwa sababu mhadhiri ana roho mbaya. Yalikwama kwa sababu mwanafunzi ameomba huruma, na huruma haiingii kwenye faili. Mhadhiri anaogopa swali moja: kesho mwanafunzi mwingine akikata rufaa, au kikao cha idara kikiuliza kwa nini huyu alipimwa tofauti, ataonyesha nini? Kazi ya imeli yako ni kumpa kitu cha kuonyesha.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, nenda kwenye mwongozo wa kozi na uone hiyo 15 inagawanywaje. Umepewa mgawanyo?

---

NyotaYaBahi

Ndiyo, upo kwenye karatasi ya maelekezo. Ukusanyaji na usahihi wa data 4, uchambuzi 5, mpangilio na slaidi 2, kujibu maswali 2, uwasilishaji wa mdomo 2.

---

MratibuMstaafu

Basi jibu la Lekcha liko hapo. Anayesema utendaji ni roho ya somo yuko sahihi kwa utendaji wa bibi wa Mvumi. Wewe hupimwi unavyoimba ukitwanga uwele. Unapimwa kama umekusanya vizuri, umechambua, na unaweza kuitetea kazi yako ukiulizwa. Alama 11 kati ya 15 hazihitaji hadhira kabisa. Mbili za maswali zinahitaji mtu wa kuuliza, na mtu mmoja anatosha. Zinabaki mbili za uwasilishaji wa mdomo, na hata hizo zinahitaji mdomo, hazikuandikwa kwamba lazima masikio yawe 64. Ingekuwa ni kozi ya stadi za kuhutubia, ningekwambia habari nyingine, kwa sababu pale hadhira ndiyo somo, na mhadhiri akikataa kuiondoa ana haki.

Sasa tazama ulichoomba. "Insha au chochote." Insha ndiyo ombi dhaifu kuliko yote. Ripoti umeshaandika, insha ya pili itapima nini kipya? Haipimi kujibu maswali papo kwa papo. Na kila mhadhiri siku hizi anajiuliza nani kaiandika. Ukiomba insha unamlazimisha atunge kazi mpya, atunge na mgawanyo mpya wa alama, kwa ajili ya mtu mmoja. Atakataa kwa uchovu tu.

Omba kitu kilekile katika mazingira mengine. Slaidi zilezile, dakika zilezile kumi, wiki ileile, mgawanyo uleule wa alama, ila ofisini kwake, mbele yake na mhadhiri mwingine au msaidizi wake mmoja. Huyo wa pili ni muhimu kuliko unavyodhani. Akiwepo, alama zina mashahidi wawili na hakuna wa kusema ulipendelewa. Tena wewe binti na yeye mwanaume, mlango wa ofisi uwe wazi au awepo wa pili, inawalinda wote.

Kama hilo halitawezekana, mbadala mmoja tu: urekodi video ya dakika kumi ukiwa unaeleza slaidi, uso wako unaonekana, kisha maswali yake uyajibu ana kwa ana ofisini. Video bila maswali usiipendekeze. Mapendekezo mawili yanatosha. Ukimpa matano atadhani hujui unachotaka.

---

LekchaMsaidizi

Mratibu, kwa mgawanyo huo nakubali, nilidhani uwasilishaji una uzito zaidi. Ila swali la haki bado lipo. Darasani maswali yanatoka kwa wenzake, ya ajabuajabu, hayatabiriki. Ofisini yanatoka kwa mwalimu anayemwonea huruma. Sioni namna ya kulinganisha.

---

MratibuMstaafu

Kuna njia ya kupunguza tofauti hiyo, si ya kuifuta. Mhadhiri anaweza kukusanya maswali ya darasa kwa maandishi baada ya kusambaza slaidi, akachagua matatu, akamuuliza bila yeye kuyaona kabla. Na kwa uzoefu wangu mwalimu ofisini anabana zaidi kuliko darasa linalotaka kwenda kula.

---

Dada wa Chang'ombe

Mimi nina hofu nyingine. Nyota, barua yako kama ina nembo ya Mirembe, ukiituma kwa imeli umekwisha. Huu mji tunaujua, mtu akikosea kidogo anaambiwa "wewe wa kupelekwa Mirembe". Itasambaa hadi kwa kiongozi wa darasa.

---

Muuguzi_Kilimani

Hofu hiyo naielewa, japo inaniuma. Mirembe ipo tangu 1927, wengi wanaokuja kliniki pale wanarudi kazini kwao siku hiyohiyo. Lakini ukweli ni kwamba jina linabeba mzigo. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zina huduma ya afya ya akili na barua yao ina uzito uleule.

---

MratibuMstaafu

Dawa yake ni njia ambayo barua inapita. Usiitume kwa mhadhiri. Peleka nakala halisi mwenyewe ofisi ya mshauri wa wanafunzi, waione, wabaki na nakala kwenye faili lako, na uwaombe waandike mistari mitatu: tumeona ushahidi wa kitabibu wa mwanafunzi huyu, tunathibitisha ni halali, na ushahidi huo unapendekeza apimwe mbele ya watu wasiozidi watatu katika muhula huu. Mhadhiri anapata hiyo. Hajui hospitali gani, hajui ugonjwa gani, na hana sababu ya kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, ofisi hiyo inatakiwa kulijua hilo. Si kila chuo ofisi hiyo inafanya kazi haraka, kwa hiyo nenda kesho, siyo wiki ijayo.

---

Kichwa Ngumu

Ataje sheria kwenye imeli basi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inasema ulemavu ni kukosa au kupungukiwa fursa kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Amwambie mhadhiri ni haki yake!

---

MratibuMstaafu

Tafsiri hiyo ipo kweli kwenye sheria. Kama wasiwasi wake unaingia humo, wanasheria wanaweza kubishana, sitaki kumwahidi. Ila imeli ya kwanza yenye vifungu vya sheria inapelekwa moja kwa moja kwa mwanasheria wa chuo, na huko wiki tatu zinaisha bila jibu. Sheria ikae mfukoni mpaka ikataliwe kwa maandishi.

---

Mwana wa Kondoa

Aah kumbe nilisoma vibaya, nilidhani anaumwa hawezi masomo yote. Lakini jamani, kuna vidonge vya kushusha mapigo ya moyo, propranolol. Jamaa yangu alimeza kabla ya usaili, akaingia kama simba. Vinauzwa duka la dawa.

---

Muuguzi_Kilimani

Vipo na vinapunguza moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Wazo la kwamba watu wanakudharau haviligusi. Mwenye pumu kidonge hicho kinaweza kumbana kifua vibaya, na mwenye mapigo ya polepole au presha ya kushuka anaweza kuzimia. Nyota, umesema tayari unatumia dawa nyingine, kwa hiyo muulize daktari wako kwanza, na kama atakuandikia, usikijaribu mara ya kwanza siku ya kuprezenti. Na valiamu asikupe mtu. Itakutuliza na kumbukumbu itatulia nayo.

---

Baba Kigugumizi

Mimi nilisoma na kigugumizi kikali. Niliomba dakika za ziada, nikapewa kumi na tano badala ya kumi, mbele ya darasa hilohilo. Walicheka wiki ya kwanza, wakazoea. Kwa nini asiombe muda wa ziada tu?

---

NyotaYaBahi

Kaka pole, na hongera. Kwangu muda wa ziada utakuwa ni muda zaidi wa kutazamwa.

Wakuu nimerudi. Daktari ameandika barua upya, na yale mambo manne yapo. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi nimefika. Mama pale aliisoma akasema nisubiri, mchana wake nikapewa karatasi ya uthibitisho. Imeli mpya hii hapa:

> Yah: Ombi la kuwasilisha data za uwandani katika mazingira mbadala
>
> Ndugu Mhadhiri, shikamoo.
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili ......, katika kozi yako ya Fasihi Simulizi. Nimepangwa kuwasilisha tarehe ...... .
>
> Nina hali ya kiafya, inayothibitishwa na ofisi ya mshauri wa wanafunzi katika kiambatisho, inayonifanya nishindwe kuzungumza ninapotazamwa na kundi kubwa. Mbele ya watu wachache ninaweza kueleza kazi yangu na kujibu maswali.
>
> Ninaomba kuwasilisha kazi hiyohiyo, kwa slaidi zilezile na dakika kumi, ofisini kwako, mbele yako na mtathmini mwingine utakayemchagua, katika wiki hiyohiyo, na nipimwe kwa mgawanyo uleule wa alama 15. Ikiwa hilo halitawezekana, ninaomba kurekodi uwasilishaji wangu kwa video na kujibu maswali ana kwa ana.
>
> Slaidi nitazikabidhi pamoja na wenzangu. Nitashukuru kupata jibu kabla ya tarehe ......, ili nijiandae kwa utaratibu utakaoupanga. Ninaomba pia sababu ya mabadiliko haya isitajwe darasani.
>
> Wako mtiifu,
> ......

---

MratibuMstaafu

Hiyo inatumwa. Kiambatisho kiwe PDF moja inayosomeka. Hiyo sentensi ya kusema unachoweza ndiyo itakayokubeba. Itume asubuhi siku ya kazi. Siku tatu zikipita kimya, nenda ofisini saa zake za kuonana na wanafunzi na karatasi mkononi, huenda imeli haikufunguliwa. Ukikubaliwa kwa mdomo, rudi uandike imeli fupi: "Nashukuru kwa kukubali kwamba tarehe fulani saa fulani…" ili ibaki kumbukumbu.

---

Mzee wa Nanenane

Mimi bado naona tunawalea. Huko kazini bosi atamwekea ofisi ya watu wawili? Lakini imeli ni nzuri, nakubali.

---

Muuguzi_Kilimani

Mzee, kazi nyingi zina meza ya watu watatu. Za watu 64 ni chache.

---

NyotaYaBahi

Mrejesho wakuu. Hakujibu imeli, nikaenda ofisini kama Mratibu alivyosema. Alikuwa ameisoma. Aliniuliza jambo moja tu: nikija ofisini, nitakubali maswali magumu kama ya wenzangu? Nikasema ndiyo. Akakubali niprezenti kwake na msaidizi wake, Alhamisi ya wiki hiyohiyo. Video hakuitaka. Ila zile alama mbili za uwasilishaji wa mdomo amesema atanipima kwa moja tu, kwa sababu moja ni ya "kuimudu hadhira" na hadhira haitakuwepo. Nimeshaandika imeli ya kuthibitisha kama nilivyoelekezwa, hiyo alama moja sijaigusa. Niidai?

---

LekchaMsaidizi

Mimi ningefanya kama yeye.

---

MratibuMstaafu

Mimi nisingefanya hivyo. "Kuimudu hadhira" haimo kwenye karatasi ya maelekezo uliyotuandikia, ameiongeza baadaye. Lakini 14 kati ya 14 zinazobaki ni alama nzuri, na kugombea moja sasa kunaweza kukuharibia mwaka ujao, wakati wa kutetea utafiti wako. Pale kuna jopo la watu kadhaa na pengine milango wazi kwa wanafunzi wengine. Hilo ombi lianze mapema, ukishapangiwa msimamizi tu, na barua yako ya sasa itakuwa imeisha muda.

---

Muuguzi_Kilimani

Na kabla ya Alhamisi, fanya mazoezi na mtu mmoja hosteli, kisha wawili, ukiwa umesimama na slaidi mbele yako. Kliniki ijayo umwambie daktari ilivyokwenda, iwe nzuri au mbaya.

---

Dada wa Chang'ombe

Na wenzako wakiuliza mbona jina lako halipo kwenye ratiba ya darasa, utawaambiaje?

---

NyotaYaBahi

Hilo ndilo sijapata jibu. Mwenye wazo aandike.